Kuhesabu Maneno Si Kuchanganua Usemi

Katika tasnifu nyingi tunazotahini, mwanafunzi huahidi katika sura ya kwanza kwamba atatumia uchanganuzi wa usemi. Tukifika sura ya nne tunakuta majedwali ya maneno yaliyohesabiwa. Huo ni uchanganuzi wa maudhui. Njia yenyewe si mbaya. Kosa ni kuipa jina lisilo lake.

Bernard Berelson (1952) aliueleza uchanganuzi wa maudhui kuwa maelezo ya kitakwimu na ya utaratibu kuhusu yaliyo dhahiri katika matini. Hapa lugha ni chombo kinachobeba ujumbe. Kwa wachanganuzi wa usemi kama Norman Fairclough (1989), namna ya kusema nayo ni tendo linalohitaji kuelezwa.

Tuchukue mfano niliotunga kwa ajili ya darasa. Mhoji anamwuliza mwalimu mkuu, "Vile vitabu viko wapi?" Naye anajibu: "Tulipokea vitabu 200. Vingine vilipotea. Sisi walimu tunajitahidi, lakini kama taifa tumechelewa."

Mchanganuzi wa maudhui ataweka jibu hili chini ya "uhaba wa vitabu" na "juhudi za walimu". Akihesabu neno "sisi", atalipata mara moja tu. Hata hivyo, nafsi hiyo imo katika vitenzi vitatu kupitia kiambishi tu-. Akiiagiza kompyuta itafute "tu", itamletea pia "tupu", "tumaini" na "tu" yenye maana ya "pekee". Hivyo ni lazima asome kila mfano mwenyewe.

Mchanganuzi wa usemi ataanzia penye swali. Ataona kwamba tu- ya kwanza ni shule, ya pili ni walimu, ya tatu ni taifa zima: kadiri lawama inavyokaribia, ndivyo kundi linavyopanuka. Aidha, kupokea kuna mtenda, lakini "vilipotea" hakuna. Mzungumzaji angesema "vilipotezwa", tungeweza kuuliza na nani. "Vilipotea" hakiachi nafasi ya swali hilo.

Lakini asiharakishe kudai kwamba mwalimu anakwepa lawama. Kusema kitu "kimepotea" ni kawaida katika Kiswahili. Hoja itasimama iwapo mahojiano yote yataonyesha mwelekeo uleule: mema yana mtenda, mabaya hayana. Akikuta mahali mzungumzaji anaposema "tulikosea", dai lake limedhoofika, naye hana budi kulieleza hilo.

Kwa hiyo swali la utafiti ndilo liamue. Ukitaka kujua ni walimu wakuu wangapi kati ya 40 wanaotaja uhaba wa vitabu, hesabu. Toa mwongozo wa makundi yako na umpe msomaji wa pili aainishe matini zilezile, kisha mlinganishe. Ukitaka kujua jinsi wanavyojiweka mbele ya lawama, jedwali halitakujibu. Chukua mahojiano machache, uyasome pamoja na maswali yake, kitenzi kwa kitenzi.