Kumi Isitangulie Mbili

Nilikuwa natafuta anwani iliyo wazi ili niipe printa mpya ya ofisini. Nikafungua orodha ya mashine zote, nikashuka nayo kwa kidole: 192.168.1.2, kisha 192.168.1.20. Namba 3 sikuiona, nikaona ni bahati yangu. Kumbe ilikuwa chini zaidi, baada ya 29, na mwenyewe ni kompyuta ya mhasibu. Asubuhi hiyo mashine mbili ziligombania anwani moja, na mimi nikalaumu waya.

Kompyuta haikukosea. Ilipanga kama kamusi inavyopanga: herufi kwa herufi, kutoka kushoto. Katika kamusi "mbaazi" hutangulia "mbu" ingawa ni neno refu zaidi, kwa sababu a huja kabla ya u. Kadhalika 10 hutangulia 2, maana 1 huja kabla ya 2, na sifuri inayofuata haiulizwi tena.

Wengine huponya kwa kujaza sifuri: 192.168.1.002, 192.168.1.010. Orodha hunyooka, lakini programu kadhaa za mtandao husoma namba inayoanza na sifuri kwa msingi wa nane. Kwao 010 ni nane, na ujumbe wako utabisha mlango wa jirani.

Mimi huvutiwa na dawa hii:

```
sort -t. -k1,1n -k2,2n -k3,3n -k4,4n anwani.txt
```

Inakata anwani kwenye nukta, kisha inalinganisha kila kipande kama namba. Ufundi wote umo kwenye mkato. `-k3,3n` maana yake ni anzia kipande cha tatu na uishie hapo hapo. Ukiandika `-k3n` tu, programu haisimami: inameza hadi mwisho wa mstari, inaona 1.10 na 1.2, na kuzisoma kama desimali. Moja nukta moja ni ndogo kuliko moja nukta mbili, basi kumi imerudi mbele, safari hii kwa hesabu sahihi kabisa! Kosa hili nalipenda, Mungu anisamehe, kwa jinsi lilivyojificha.

Na kwa kweli nukta zenyewe ni za macho yetu. Ndani ya mashine anwani ya aina hii ni namba moja ya biti 32. Chukua 192, zidisha kwa 256, jumlisha 168, zidisha tena, jumlisha 1, zidisha tena, jumlisha 2: unapata 3232235778. Inayoishia na 10 ni 3232235786. Tofauti yao ni nane, kama mtoto yeyote angekuambia.

Niliipanga upya orodha yangu. Baada ya 8 ikaja 10, na katikati yake pengo ambalo hata kidole hakikuhitajika kuliona. Printa ikapewa 9.