Sentensi ya Utapiamlo Katika Faili

Tuchukue maelezo mawili ya mgonjwa mmoja wa kubuni, mama wa miaka 58 mwenye saratani ya umio. La kwanza: "Amekonda, hana hamu ya kula, albumini iko chini. Utapiamlo." La pili: "Utapiamlo mkali kwa vigezo vya GLIM: uzito umeshuka kutoka kilo 62 hadi 54 kwa miezi 4, sawa na asilimia 12.9, kwa wiki 3 anameza uji tu, chini ya nusu ya mahitaji yake, ana saratani ya umio."

Katika la kwanza hakuna neno linaloshikana na jingine. Amekonda kutoka kilo ngapi, na kwa muda gani? Albumini nayo hushuka mwili unapopambana na ugonjwa, hata kwa mtu anayekula akashiba, ndiyo maana haimo katika vigezo vya GLIM vilivyochapishwa mwaka 2019.

La pili limejengwa kama vigezo vyenyewe vilivyojengwa. Baada ya uchunguzi wa awali kuonyesha hatari, hutafutwa angalau alama moja ya mwilini: kupungua uzito, BMI ndogo au misuli iliyopungua. Hiyo lazima iungane na angalau chanzo kimoja: chakula kidogo au kisichofyonzwa vizuri, ama inflamesheni inayoletwa na ugonjwa au jeraha. Ndani ya kila kundi kimoja kinatosha, lakini kundi moja peke yake halitoshi.

Mama huyu ana urefu wa mita 1.60, hivyo BMI yake ni 21.1. Kwa aliye chini ya miaka 70 mpaka ni 20, kwa hiyo anayetazama BMI tu angempita. Kilichomfichua ni mwendo wa uzito. Neno "mkali" nalo linatokana na kupoteza zaidi ya asilimia 10 ndani ya miezi 6. Uji na saratani havikulichangia, kwa kuwa ukali hupimwa kwa alama za mwilini pekee. Hapo ndipo muundo huu unaponitia shaka: mtu aliyekaa siku 9 bila kula chochote, uzito na misuli vikiwa havijashuka kufikia mipaka ya vigezo, hapati utambuzi wowote. Ana chanzo, hana alama.

Hata maelezo ya pili yana pengo. Hayasemi kilo 62 zilitoka wapi. Zikiwa zimesomwa kwenye kadi ya kliniki, asilimia ile ina nguvu. Zikiwa makisio ya ndugu yake, ni dhaifu zaidi, na daktari wa zamu ya usiku anastahili kujua. Wala hayasemi kama miguu imevimba. Maji hupimwa pamoja na nyama, na kilo 54 zenye maji ndani yake zinaficha upungufu mkubwa zaidi ya huo ulioandikwa.