Dawa Hii ni ya Nani?

Yupo mfamasia mmoja mjini Tanga, mtu mzima mwenye taratibu, ambaye sijapata kumwona akigeukia rafu zake kabla hajatimiza maswali yake, hata wateja wakiwa wamejaa hadi barazani.

Asubuhi moja, yapata saa nne, alimjia kijana aliyeamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaomba parasetamoli ya maji kwa mtoto mwenye homa.

"Ya mtoto yupi, mwanangu?"

"Wa pili, mzee. Ana miezi kumi."

"Uzani wake waujua?"

"Kadi ya kliniki inasema kilo nane."

"Na tangu alfajiri amekwisha pewa chochote?"

Kijana akatoa mfukoni chupa tupu, akasema kwamba saa kumi na mbili mamake alimnywesha kijiko kimoja kilichobaki katika dawa ya kaka yake wa miaka saba, naye ametumwa kuleta nyingine kama hiyo. Mzee akavaa miwani, akaisoma chupa polepole, kwa maana dawa hii huuzwa kwa nguvu mbalimbali, kukiwamo miligramu 120 na miligramu 250 katika kila mililita 5, na chupa zake huweza kufanana kama pacha. Ile ilikuwa ya 250. Kijiko kilichomstahiki kaka yake kilimpa mdogo zaidi ya maradufu ya haki yake, kwani miligramu 15 kwa kila kilo, kwa kilo 8, ni 120 tu. Na kosa hilo, ambalo likitokea mara moja aghalabu hupita salama, likirudiwa mara nne kwa siku, siku mbili tatu mfululizo, laweza kuliharibu ini pasipo mzazi kutanabahi.

"Usimpe tena mpaka alasiri," akasema, akimkabidhi chupa ya 120. "Kisha mililita tano kila baada ya saa sita, zisizidi mara nne kwa siku. Lakini leo hii mpeleke akapimwe malaria, na uwaeleze alichokunywa. Dawa hii hutuliza homa, haiondoi sababu yake. Hebu nambie, utampaje?"

"Kijiko kimoja."

"Kijiko kipi?"

Hapo ndipo umahiri wake uliponidhihirikia, kwani vijiko vya jikoni havina kipimo kimoja. Akafungua boksi, akatoa kikombe kidogo cha kupimia, akaweka alama ya wino penye tano, wala hakumwachia kijana aondoke mpaka alipoyarudia yote kwa kinywa chake mwenyewe.

Sina budi kusema kwa huzuni kwamba adabu hii inatutoka. Katika maduka mengi ya dawa niingiayo siku hizi, mteja hunyoosha simu yenye picha ya boksi, naye muuzaji, asiyeuliza umri wala uzani wala kilichonywewa jana, huuliza swali moja tu: chupa ngapi?