GE, GB, VS: kutafsiri karatasi ya labo bila kujifanya daktari

Karatasi ya labo ya Lubumbashi huandikwa kwa Kifaransa, kwa vifupisho, na mara nyingi kwa kalamu. Mgonjwa yuko Katuba, mtoto wake anayelipia matibabu yuko Dar es Salaam, na kinachowaunganisha ni picha ya WhatsApp iliyopigwa usiku. Ujumbe unaofuatana nayo huwa ni uleule: “Yaya, niambie tu mama ana nini.” Swali hilo mtafsiri halijibu. Anachojibu ni jingine: karatasi hii imeandika nini?

Karatasi ya mtu haichapwi gazetini, kwa hiyo hapa nimetunga moja yenye sura ya zile zinazotufikia:

```
F, 34 ans
GE  : +
Hb  : 10,8 g%     (12 - 16)
Hct : 33 %        (37 - 47)
GB  : 5.400/mm3   (4.000 - 10.000)
FL  : N 48  L 47  E 4  M 1
VS  : 32 mm/h     (< 20)
Gly : 92 mg%      (70 - 110)
```

Kazi ya kwanza ni kunakili kila alama kama ilivyo, kabla ya kutafsiri neno lolote. Mstari wa juu, wenye jinsia na umri, ndio unaokatwa zaidi kwenye picha, na bila huo viwango vyote vinavyofuata vinakosa mwenyewe. Ukikosekana, omba picha nyingine: karatasi iwekwe mezani karibu na dirisha, kona zote nne zionekane, na itumwe kama hati ili WhatsApp isiibane.

Kisha kagua ulichonakili kwa hesabu ndogo. Mstari wa FL ni mgawanyo wa aina za seli nyeupe kwa asilimia, kwa hiyo lazima jumla ifike 100. Hapa 48, 47, 4 na 1 zinafika. Kama 48 ingesomeka 43, jumla ingekuwa 95, nawe ungejua kuwa ama jicho lako au kalamu ya labo imeteleza. Kwa himoglobini, yaani Hb, kuna kipimo kingine cha jicho: Hct, sehemu ya damu iliyo seli nyekundu, huwa karibu mara tatu ya Hb. Hapa 10,8 mara tatu ni 32,4, nayo karatasi inasema 33. Mtu aliyeisoma 1 na 0 iliyobanana kuwa 16, yaani 16,8, angepata 50, mbali kabisa. Uhusiano huo haushiki kwa kila mgonjwa, ndiyo maana unatumika kuomba picha mpya tu. Mtafsiri hairekebishi namba ya labo, hata akiwa na uhakika.

Vifupisho vyenyewe si vingi, ila vinafanana. GE na GB kwa mwandiko wa haraka hutofautiana kwa mkunjo mmoja wa kalamu. GE ni tone nene la damu linalochunguzwa kwa hadubini kutafuta vimelea vya malaria. GB ni idadi ya seli nyeupe. Thamani iliyo mbele ndiyo inayoamua, maana alama ya kujumlisha haiwezi kuwa idadi ya seli. Herufi L nayo ina mtego wake. Ndani ya FL inasimamia limfosaiti, lakini kwenye karatasi iliyotolewa na mashine yenye lugha ya Kiingereza, L kando ya namba inasema iko chini ya kiwango, na H iko juu. Labo moja inaweza kukupa karatasi za aina zote mbili siku moja.

Tarakimu zinahitaji uangalifu kuliko maneno. Kwenye karatasi hizi nukta hutenga maelfu na mkato hutenga desimali, kinyume na alivyozoea msomaji wa Dar es Salaam. GB 5.400 ni elfu tano na mia nne kwa milimita moja ya ujazo. Mashine za Tanzania huandika hesabu hiyohiyo 5.4, kwa maelfu, kwa hiyo hapa msomaji anaokoka kwa bahati. Kwenye sukari haokoki. Kule amezoea kuona 5 au 6, na sasa anaona 92! Hizi ni miligramu kwa desilita, zile ni milimoli kwa lita. Gawanya 92 kwa 18 upate 5.1. Mimi huandika namba ya karatasi kwanza, kisha ile niliyogeuza kwenye mabano, nikitaja kwamba ni hesabu ya mtafsiri.

Tufike kwenye mabano ya labo, ambako ndiko watu wanakojipatia magonjwa. Kiwango cha kawaida kwa desturi hupatikana kwa kuwapima watu wazima wenye afya na kuchukua asilimia 95 ya katikati. Maana yake, katika kila watu 100 wenye afya, watano hivi wataangukia nje ya mabano, na anayepimwa vitu vingi ana nafasi kubwa ya kuwa na kimoja kilichotoka. Tena kiwango kina mwenyewe. Mabano ya Hb hapa ni ya mwanamke asiye mjamzito. Shirika la Afya Duniani huanzia 11 kwa mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza, na karatasi haisemi kama huyu ni mjamzito. VS, kasi ya seli nyekundu kuzama katika saa moja, nayo hupanda kwa ujauzito na umri. Halafu kuna mji wenyewe: Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mwongozo wa shirika hilo wa 2024 unataka Hb ya mtu anayeishi kati ya mita 1,000 na 1,499 ipunguzwe 0.8 kabla ya kulinganishwa na kizingiti. Mtafsiri hapunguzi. Hiyo ni kazi ya daktari, na ni sababu tosha ya kutoyafanya mabano kuwa hukumu.

Kwa hiyo kwenye tafsiri mstari wa Hb unasomeka: “Himoglobini 10.8; iko chini ya kiwango kilichoandikwa, 12 hadi 16.” Usiandike “hana damu,” kwa sababu jioni hiyohiyo kuna atakayenunua vidonge vya madini ya chuma, na mwingine atauliza bei ya chupa ya damu. Mstari wa GE unasomeka: “Vimelea vya malaria vimeonekana, alama moja ya kujumlisha.” Katika maeneo yenye malaria nyingi, mtu mzima anaweza kubeba vimelea bila kuugua navyo, na anayejua kama homa ya huyu inatokana navyo ni yule aliyemgusa na kumhoji. Kwa kawaida alama moja humaanisha vimelea 1 hadi 10 katika nyuga 100 za hadubini, ila iache alama yenyewe ibaki, maana labo zinaweza kutofautiana.

Kutotaja ugonjwa si kunyamaza. Ukikuta Hb ya 4, au labo imeandika “urgent” pembeni, juu ya tafsiri andika kwamba aliyeagiza kipimo apigiwe simu sasa hivi, kisha ndipo uendelee na mistari. Picha ya asili itumwe pamoja na tafsiri kila mara, kwa sababu daktari wa Dar es Salaam atataka kuisoma namba kwa macho yake mwenyewe.