Bei Mpya Ikae Kwenye Kichwa cha Barua

Barua ya kupandisha bei huanza karibu kila mara vilevile: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Msomaji anapandisha macho kwenye kichwa na kukuta "YAH: MABADILIKO YA BEI". Anashuka tena. Aya ya kwanza inamshukuru kwa ushirikiano wa miaka mingi, ya pili inaeleza hali ngumu ya uchumi "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu", na ya tatu inataja kuboresha huduma. Bei yenyewe iko chini kabisa, pengine kwenye karatasi ya pili iliyobanwa kwa pini. Kufikia hapo mteja wa miaka kumi amekwisha jua kwamba anazungushwa, na shukrani alizopewa mwanzoni anaziona kama chambo. Nimesoma barua nyingi za namna hii, na nadhani zinawaudhi wateja kuliko bei yenyewe.

Tuangalie barua moja iliyotumwa kwa watu wengi sana ikapokelewa vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Februari 2005 kampuni ya Amazon ilianzisha uanachama wa Prime. Mteja wa Marekani alilipa dola 79 kwa mwaka, na bidhaa alizonunua zikafikishwa kwake ndani ya siku mbili bila kulipia usafirishaji. Bei hiyo haikuguswa kwa miaka tisa. Tarehe 13 Machi 2014 wanachama walipata barua pepe ya kuwaarifu kwamba itakuwa dola 99.

Sentensi za kwanza zilisema mambo mawili tu: ada ya uanachama wako inapanda, na utalipa dola 99 siku uanachama wako utakapohuishwa, tarehe fulani. Kila mteja aliandikiwa tarehe yake mwenyewe. Sababu zilifuata baada ya hapo, nazo zilikuwa chache. Gharama za mafuta na usafirishaji zimepanda huku ada ikibaki palepale kwa miaka tisa, na bidhaa zinazohusika zimeongezeka kutoka milioni moja hadi zaidi ya milioni 20. Yalitajwa pia yaliyoongezwa baadaye, kama filamu na vitabu vya kuazima, kisha barua ikaisha.

Tarehe ilifanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Ada mpya iliwahusu waliohuisha kuanzia katikati ya Aprili. Mtu ambaye uanachama wake ulikuwa unaisha Desemba alikuwa na miezi tisa ya bei ya zamani mbele yake, tena alikwisha kuilipia. Hakuna aliyedaiwa nyongeza kwa kitu alichokwisha nunua. Zaidi ya hayo, mwishoni mwa Januari kampuni ilikuwa imesema hadharani kwamba inafikiria kuongeza kati ya dola 20 na 40. Barua ilipofika na dola 20, wengi walikuwa wamejiandaa kwa pigo kubwa zaidi.

Sababu zilizotajwa nazo mteja aliweza kuzipima mwenyewe. Bei ya mafuta aliiona kituoni kila alipojaza gari, na miaka tisa aliihesabu kwa kumbukumbu zake. "Hali ya uchumi" haipimiki hivyo, ndiyo maana haimshawishi mtu.

Linganisha na Netflix. Julai 2011 kampuni hiyo iliwatangazia wateja wake wa Marekani kwamba mpango mmoja wa dola 9.99, uliojumuisha filamu za diski zinazotumwa kwa posta na filamu za mtandaoni, unagawanywa kuwa mipango miwili ya dola 7.99 kila mmoja. Anayetaka vyote viwili angelipa dola 15.98. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 60, lakini tangazo liliiwasilisha kama uhuru wa kuchagua. Jumla iliandikwa, lakini ukubwa wa nyongeza watu walijihesabia wenyewe. Wateja wa zamani walipewa hadi Septemba mosi tu. Katika robo ile ya mwaka kampuni ilipoteza wateja wapatao 800,000 nchini Marekani. Septemba bosi wake, Reed Hastings, aliandika kuomba radhi kwa jinsi jambo lilivyoelezwa, lakini bei haikurudi, na katika barua hiyohiyo akatangaza kuitenga huduma ya diski iwe kampuni nyingine. Mpango huo ulifutwa mwezi uliofuata. Radhi isiyorudisha kitu, iliyofungwa pamoja na habari nyingine mbaya, iliwakasirisha watu upya.

Mei 2014 kampuni ileile ilipandisha bei ya filamu za mtandaoni kutoka dola 7.99 hadi 8.99, safari hii kwa wateja wapya peke yao. Wa zamani waliachiwa bei yao kwa miaka miwili, na kelele zikawa ndogo sana. Hata hivyo deni la namna hiyo hulipwa siku moja. Muda ulipokwisha mwaka 2016, robo moja kampuni iliongeza wateja milioni 1.7 hivi duniani badala ya milioni 2.5 ilizotarajia, na yenyewe ikasema sababu mojawapo ni wale waliotolewa kwenye bei ya zamani. Kumwachia mteja bei yake ni fadhila ya kweli, ila inabidi mwisho wake uandikwe tangu siku ya kwanza na akumbushwe kabla haujafika.

Sasa tulete jambo hili kwenye biashara ya kawaida. Chukua bekari ya mjini Tanga inayouzia maduka na shule mikate kwa jumla, shilingi 1,200 mmoja. Hesabu hizi ni za mfano. Unga unakula shilingi 480 za kila mkate. Mafuta, sukari na hamira ni 180, moto na umeme 120, mishahara 180, usafiri 100. Jumla ni 1,060, na mwenye bekari anabaki na 140. Kisha unga unapanda kwa asilimia 25 na usafiri kwa asilimia 20. Unga umeongeza shilingi 120 na usafiri 20, jumla 140. Faida imekwisha yote.

Hapa ndipo barua nyingi huharibika. Mwenye bekari anaandika kwamba unga umepanda kwa asilimia 25, halafu anapandisha mkate kwa asilimia 25, yaani shilingi 300. Mwenye duka hajasoma uhasibu, lakini anajua mkate si unga mtupu, kwa kuwa naye hukanda maandazi nyumbani. Ataona kwamba unga umefanywa kisingizio. Kwa hiyo sababu iandikwe kwa shilingi za mkate mmoja, na nyongeza isizidi jumla ya sababu zilizotajwa. Kwa bekari yetu nyongeza halali ni 140. Mwenyewe akiamua kupandisha 100 na kubeba 40, anabaki na faida ya shilingi 100 kwa mkate, na amepata sentensi moja yenye nguvu kuliko aya nzima ya shukrani.

Kabla ya kuandika, afikirie pia mteja wake yuko wapi. Mwenye duka ananunua kwa 1,200 na kuuza kwa 1,500. Bekari ikipandisha, naye itabidi apandishe au apoteze theluthi ya faida yake, na majirani watamlaumu yeye. Anahitaji wiki kadhaa za kuwaambia wateja wake, na anahitaji sababu anayoweza kuirudia kwa maneno yake akiwa kaunta. Shule iko vingine, kwa sababu imekwisha pokea ada za muhula na haiwezi kumrudia mzazi katikati. Kuiachia bei ya zamani hadi muhula uishe ni jambo dogo kwa bekari lakini kubwa kwa shule. Ila lihesabiwe kwanza. Ikiwa shule zinachukua mikate 200 kwa siku, na baada ya bei mpya kuanza zimebaki siku 30 za masomo, ahadi hiyo ni shilingi 600,000. Kama bekari haiwezi kuzibeba, isiahidi.

Barua yenyewe basi ingekuwa hivi:

"YAH: MKATE KUTOKA SHILINGI 1,200 HADI 1,300 KUANZIA TAREHE 1 MACHI

Ndugu mteja wetu,

Kuanzia tarehe 1 Machi tutakuuzia mkate kwa shilingi 1,300 badala ya 1,200. Hadi tarehe 28 Februari utaendelea kununua kwa bei ya sasa, na oda zote zilizokwisha lipiwa zitabaki kwa bei hiyo.

Unga uliopanda umeongeza shilingi 120 katika kila mkate, na usafiri shilingi 20. Tumepandisha shilingi 100; zile 40 tunazibeba sisi. Uzito wa mkate haubadiliki. Kwa shule, bei ya zamani itaendelea hadi muhula huu utakapofungwa.

Tunakushukuru kwa kuuza mikate yetu miaka yote hii. Ukiwa na neno, nipigie mimi mwenyewe."

Kisha jina, sahihi na namba ya simu ya mwenye mali. Barua itoke mwanzoni mwa Februari, ili mwenye duka apate karibu wiki nne.

Angalia kwamba imeandikwa "tumepandisha", si "bei imepandishwa". Anayesema "imepandishwa" anajificha nyuma ya kitenzi, na mteja wa siku nyingi anamjua aliyepandisha. Haikuomba radhi kwa usumbufu, kwa kuwa kuuza kwa bei inayolipa gharama si kosa. Anayestahili kitu hapa ni mteja, naye anastahili shukrani na muda. Haikutaja kuboresha huduma, kwa sababu mkate ni uleule. Sentensi ya uzito imewekwa kwa makusudi, maana siku hizi mnunuzi akisikia bei imepanda, huupima mkate kwa kiganja.

Wateja wakubwa wasiipate habari hii kwenye karatasi. Wale watano au sita wanaochukua nusu ya mikate wafuatwe dukani, au wapigiwe simu, siku mbili kabla barua haijatoka. Ubaya wa mteja wa zamani ni kwamba hagombi. Anapunguza oda kimyakimya, mikate 40 inakuwa 30, halafu gari la bekari nyingine linaonekana limesimama nje. Kwa hiyo daftari la oda liangaliwe jina kwa jina kwa wiki sita tangu bei ianze, likilinganishwa na wiki sita zilizotangulia. Jina lililoshuka kwa robo lifuatwe wiki hiyohiyo.

Nawe unayeandika barua ya namna hii, usiitume kabla hujampa mwenye duka mmoja aisome mara moja. Ichukue karatasi mkononi mwake, umwulize bei mpya ni ngapi na inaanza lini. Akiomba arudishiwe karatasi atazame, iandike upya.