Kabla Kadi Haijafutwa

Mazishi yaliyorekodiwa Kenyenya leo hayawezi kurekodiwa tena kesho. Ndiyo maana dakika za hatari zaidi katika kazi ya mpiga video ni zile za jioni, anapohamisha picha kutoka kwenye kadi ya kamera hadi kwenye diski, kisha akaifuta kadi ili aitumie kwa harusi ya Jumamosi. Wengi hukagua kwa kufungua faili, kutazama mwanzo, kuruka katikati na kuridhika. Hapo wameona fremu mia chache tu kati ya maelfu.

Tuchukue mfano wa kamera inayorekodi kwa megabiti 28 kwa sekunde, fremu 25 kila sekunde, kwenye kadi ya gigabaiti 32. Kadi za ukubwa huo kwa kawaida hutumia mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalozidi gigabaiti 4 na ushei. Kwa hiyo kamera hukata ibada katika vipande vya takriban dakika 20, kila kimoja kikiwa na fremu zipatazo 30,000.

Hatua ya kwanza ni kuchukua alama ya uhakiki ya kila kipande kingali kwenye kadi. Programu husoma faili zima na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Biti moja ikigeuka, mfuatano wote hubadilika. Kwenye Linux, ndani ya folda ya kadi, amri ni hii:

```
sha256sum *.MP4 > ~/mazishi.sha256
```

Baada ya kunakili, fundi huingia kwenye folda ya diski na kulinganisha:

```
sha256sum -c ~/mazishi.sha256
```

Kila faili huandikiwa `OK` au `FAILED`. Mwenye Windows hupata alama hiyo hiyo, faili moja moja, kwa `certutil -hashfile MVI_0003.MP4 SHA256`.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata mafundi wazoefu. Kompyuta huhifadhi kwa muda, katika kumbukumbu yake ya ndani, sehemu kubwa ya kile ilichotoka kuandika. Ukilinganisha papo hapo, huenda inasoma kumbukumbu hiyo, si diski yenyewe, na jibu la `OK` linakuwa halina uzito. Diski au flashi lazima itolewe kwa utaratibu, ichomolewe, ichomekwe upya, ndipo ikaguliwe. Flashi bandia zinazojitangaza kuwa za gigabaiti 64 ilhali ndani zina 8 hugunduliwa kwa njia hii: kunakili huonekana kumekwisha salama, majina ya faili yapo na ukubwa ni sahihi, lakini zikisomwa upya data haipo.

Tuseme sasa vipande vyote vimetoa `OK`. Hilo linathibitisha kwamba nakala inafanana na kilichosomwa kwenye kadi, basi. Kama kadi ilianza kuchoka wakati wa kurekodi, nakala imebeba kasoro hiyo kwa uaminifu kamili. Alama haijui video ni nini. Swali la kama video yenyewe ni nzima hujibiwa kwa kufumbua kila fremu:

```
ffmpeg -v error -i MVI_0003.MP4 -f null -
```

Amri hii hucheza faili tangu mwanzo hadi mwisho bila kuonyesha picha wala kuandika video mpya, na huchapisha makosa pekee. Skrini ikibaki tupu, hakuna kosa lililogunduliwa. Ikisema `moov atom not found`, faili halina sehemu inayoorodhesha mahali pa kila fremu. Kamera nyingi huandika orodha hiyo mwishoni, kwa hiyo betri ikizima ghafla au nakala ikikatika njiani, faili huikosa. Ikisema `error while decoding MB`, data ya picha yenyewe imeharibika, na madoa ya mraba huendelea hadi fremu kamili inayofuata, kwa sababu fremu za katikati hujengwa juu ya zilizotangulia.

Lakini ukimya wa `ffmpeg` nao una mipaka. Biti iliyogeuka yaweza kubadilisha rangi kidogo na bado fremu ikafumbuka bila lalamiko. Kosa la namna hiyo likiingia wakati wa kunakili, ni alama ya uhakiki pekee itakayolishika; ndiyo sababu vipimo vyote viwili vinahitajika.

Kwa video za kupakua, ulinganisho hufaa pale tu mwenye faili ametoa alama zake, kama Internet Archive inavyofanya kwa kila faili. Ndugu aliyeko Minnesota akipokea mazishi kama video ya kawaida ya WhatsApp, alama haitalingana kamwe, maana picha hubanwa upya. Ikitumwa kama hati, hubaki ilivyo.

Kipande kimoja kikitoa `FAILED`, alama yake ichukuliwe tena moja kwa moja kutoka kwenye kadi, baada ya kuichomoa na kuichomeka. Ikilingana na ile ya kwanza, nakala ndiyo mbovu: kipande hicho kinakiliwe upya, kisha kikaguliwe tena. Ikitofautiana, kisomaji au kadi yenyewe haitegemeki: kibadilishwe kisomaji kwanza, na kadi isifutwe.