Mzee wa Kitundu Kimoja

Fundi wa maabara wa chuo nilichosoma alikuwa na silinda moja ya shaba, kipenyo chake sentimita 5, yenye kitundu kimoja tu ubavuni. Kitundu hicho hakikufika milimita moja. Mzee alikitoboa mwenyewe, na kabla ya kila jaribio alipitisha ukucha juu yake taratibu. Ukucha ukikwama hata kidogo, alichukua msasa laini na kuanza upya. Chembe ya shaba iliyosimama ukingoni, isiyoonekana kwa macho, inatosha kuusumbua upepo unaopita, na manomita ikasoma shinikizo lisilokuwepo.

Silinda ile ilisimama wima katika handaki la upepo, kutoka sakafu hadi dari. Upepo ulipofika mita 20 kwa sekunde, Mzee aliizungusha kidogokidogo, nyuzi 5 kwa nyuzi 5, na kila mara akangoja. “Usiandike, mwanangu, mpaka maji yatulie,” alituambia, naye mwenyewe hakuwahi kuandika kabla.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuujua uso wa mbele. Sisi vijana tulitafuta mahali ambapo shinikizo ni kubwa kupita pote, tukadhani ndipo. Lakini pale mbele shinikizo halibadiliki upesi. Ukikosea nyuzi 2 au 3, maji ya manomita hayakwambii. Mzee alikigeuza kitundu kulia hadi karibu nyuzi 40, ambako shinikizo linashuka kwa kasi, akaandika. Kisha akakigeuza kushoto mpaka akapata kipimo kilekile. Katikati ya pande hizo mbili ndipo upepo unapogonga. Sijaona tangu siku hizo mtu anayeanza hivyo.

Kutoka hapo silinda ilisimulia habari yake. Mbele kabisa, maji ya manomita yalipanda milimita 24 hivi kuliko ya upepo wenyewe. Karibu na nyuzi 35 hapakuwa na tofauti yoyote, na karibu na nyuzi 70 mvuto ulikuwa umeshinda ile milimita 24. Nadharia ya kale, ya maji na hewa visivyo na mnato, inasema kwamba baada ya nyuzi 90 shinikizo litapanda tena hadi nyuma kabisa liwe sawa na la mbele. Mbele na nyuma zikilingana, silinda haisukumwi. D'Alembert aliliona jambo hilo katikati ya karne ya 18, na likamsumbua, kwa kuwa kila mwenye mkono anajua kwamba upepo unasukuma. Maji ya Mzee yalikataa kupanda. Tangu nyuzi 80 hivi hadi nyuma kabisa yalibaki palepale chini, kimo kimoja. Silinda ilikuwa inasukumwa mbele na kuvutwa nyuma.

Sababu yake inakaa katika unene usiofika milimita moja. Hewa inayogusa shaba haiendi, imeshikwa. Juu yake kidogo inakwenda polepole, na juu zaidi inafikia mwendo wa upepo. Ukanda huo mwembamba ndio tabaka la mpaka, na Ludwig Prandtl aliueleza mwaka 1904 mjini Heidelberg, mbele ya wanahisabati, akiwa na picha alizopiga katika mfereji wa maji uliozungushwa kwa mkono. Nusu ya mbele ya silinda, shinikizo linashuka na hewa ya tabaka inasukumwa kwenda. Kupita hapo shinikizo linataka kupanda, na hewa iliyochoshwa na mnato ni kama mzee aliyefika mlimani bila nguvu: inasimama, inarudi nyuma, na mtiririko mzima unauacha uso. Nyuma kunabaki shimo la visulisuli vyenye shinikizo dogo. Ukizidisha kila kipimo cha Mzee kwa kosini ya nyuzi zake na kuvijumlisha, unapata karibu nguvu yote. Msuguano wenyewe juu ya shaba ni sehemu ndogo sana, asilimia 2 hivi. Mnato hausukumi silinda kwa kuisugua. Unaisukuma kwa kuamua mahali upepo unapoiacha.

Na namba ya Reynolds ndiyo inayotuambia tuko wapi. Chukua mwendo, zidisha kwa kipenyo, gawanya kwa mnato wa hewa uliogawanywa kwa densiti yake, ambao ni kama 0.000015 kwa vipimo vya mita na sekunde. Silinda ya Mzee inatoa karibu 67,000. Namba hiyo haina kipimo, na uzuri wake ulionekana Göttingen. Mwaka 1921 Carl Wieselsberger alichapisha vipimo vya silinda zilizoanzia waya wa milimita 0.05 hadi nguzo ya milimita 300. Alipogawanya nguvu kwa nusu ya densiti, kwa mwendo mara mwendo, na kwa eneo linalotazamana na upepo, vipimo vyote viliangukia mstari mmoja. Waya na nguzo zilisema neno moja mradi namba ya Reynolds ni ileile. Nikiutazama mstari ule nawaza mikono iliyouning'iniza waya mwembamba kuliko unywele katika upepo na kuupima bila kuukata.

Kati ya namba 10,000 na 200,000, kizidishi kwenye mstari huo ni karibu 1.2. Kisha unaporomoka. Fikiria nguzo laini ya sentimita 30. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unatoa namba 200,000, na kila mita ya nguzo inasukumwa kwa niutoni 21.6. Upepo ukiwa mita 20, mwanafunzi anazidisha kwa 4 na kuandika 86. Lakini namba sasa ni 400,000, kizidishi kimeshuka hadi karibu 0.3, na nguvu imebaki karibu niutoni 22. Tabaka la mpaka limeingia msukosuko kabla ya kuachana na uso. Msukosuko unachota nguvu kutoka upepo wa juu, tabaka linastahimili hadi karibu nyuzi 120, na shimo la nyuma linakuwa jembamba. Uso ukikwaruzwa, mporomoko unawahi, na hesabu hii haifai tena.

Siku hizi wanafunzi huniletea picha za rangi kutoka kwenye kompyuta. Mmoja aliniletea silinda ya namba 60,000 yenye kizidishi nusu ya kile cha Göttingen. Hesabu ilikuwa imetulia, gridi ilikuwa safi, na mwalimu wake alikuwa ameipa alama nzuri. Nilimwuliza mtiririko unaachana na uso nyuzi ngapi. Hakuwa ameangalia. Tulipotazama, ilikuwa mbali kupita 100. Modeli aliyoichagua hulifanya tabaka la mpaka kuwa na msukosuko tangu mbele kabisa, kwa hiyo ilikuwa imemhesabia upepo mwingine, wa namba kubwa kuliko aliyoandika juu ya ukurasa. Mtu aliyewahi kuona maji yakikataa kupanda kwenye nyuzi 80 angeikataa picha ile kabla ya kusoma tarakimu. Mzee amestaafu, na nafasi yake haikujazwa. Silinda yenye kitundu iliandikwa kwenye orodha ya vyuma chakavu, na wanaoingia mwaka wa kwanza sasa hupewa nywila ya kompyuta siku ya kwanza, na handaki huonyeshwa wageni.